Nyota Yenye Mkia: Mkia Huota kwa Nini, Nayo Yenyewe Hutoka Wapi?

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1948 jua lilipatwa, na kivuli cha mwezi kikapita juu ya Nairobi. Giza lenyewe halikufika dakika mbili. Watu waliokuwa wamesimama nje kutazama walitazamia kuona mviringo wa nuru nyeupe unaolizunguka jua wakati wa kupatwa, nao waliuona. Lakini kando ya jua lile lililofunikwa walikiona na kitu kingine ambacho hawakukitazamia: nyota kubwa yenye mkia. Hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa na habari zake. Siku tano tu kabla yake ilikuwa imelizunguka jua kwa karibu sana, kiasi cha kilomita milioni 20, na mwangaza wa mchana ulikuwa umeificha machoni pa watu wote. Katika siku zilizofuata ilionekana kabla ya mapambazuko bila darubini, mkia wake mrefu umesimama juu ya upeo wa mashariki.

Wazee wengi wa kila taifa walizichukua nyota za namna hii kuwa ishara ya vita au njaa, na si ajabu, kwa maana huja bila taarifa na sura yake haifanani na nyota nyingine yoyote. Nyota hizo watu wengine huziita kometi. Si nyota kweli, maana hazina moto wa kwao wenyewe, wala si vimondo, yaani vile vimwondo vinavyopita angani kama risasi na kuzimika mara moja. Nyota yenye mkia huonekana kuwa imetulia mahali pake usiku kucha, nayo husogea kidogo kidogo tu kati ya nyota nyingine kutoka usiku mmoja hata mwingine.

Jambo la kupendeza ni kwamba katika muda wa miaka mitatu baada ya kuonekana nyota ile ya Nairobi, watu watatu katika nchi tatu mbalimbali walitoa majibu ya maswali ambayo yalikuwa yamewashinda wataalamu kwa muda mrefu. Kila mmoja alikuwa na swali lake. Bwana Fred Whipple, huko Marekani, aliuliza kiini cha nyota hizi ni kitu gani. Bwana Jan Oort, Mholanzi, aliuliza hutoka wapi. Na Bwana Ludwig Biermann, Mjerumani, aliuliza ni nini kinachousukuma mkia.

Tuanze na kiini. Kabla ya mwaka 1950 wataalamu wengi walidhani kwamba nyota yenye mkia ni kundi la changarawe na mchanga tu, lisafirilo pamoja kama kundi la nzige. Lakini kulikuwa na nyota moja ndogo iliyowasumbua, iitwayo nyota ya Encke kwa jina la Mjerumani aliyepiga hesabu ya njia yake mwaka 1819. Nyota hiyo hulizunguka jua kila baada ya miaka 3 na karibu miezi 4. Encke alipopiga hesabu zake kwa uangalifu aliona kwamba kila safari inawahi kufika, kiasi cha saa mbili na nusu. Yeye alidhani kwamba labda kuna hewa nyembamba sana katika anga inayoikawiza. Hapa msomaji atashangaa: kitu kikikawizwa kitawezaje kuwahi? Sababu ni kwamba kitu kinachozunguka jua kikipunguziwa mwendo, hushuka kulikaribia jua, na njia iliyo karibu na jua ni fupi zaidi. Hivyo hurudi mapema.

Maelezo ya Encke yangaliridhisha, kama isingekuwapo nyota nyingine iliyo mashuhuri zaidi, yaani nyota ya Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Hiyo haiwahi. Huchelewa kiasi cha siku nne kila safari. Hewa ya kukawiza haiwezi kuiwahisha moja na kuichelewesha nyingine.

Whipple alisema kwamba kiini si kundi la changarawe, bali ni donge moja gumu la barafu iliyochanganyika na vumbi na mawe, kama theluji iliyokanyagwa njiani mpaka ikachafuka. Jua likilipiga donge hilo, barafu hugeuka kuwa mvuke na kufumka kwa nguvu upande ule uliopata joto. Mvuke ukitoka upande mmoja, donge husukumwa upande wa pili, kama roketi. Tena donge linajizungusha, kama dunia inavyojizungusha. Kila mkulima anajua kwamba joto kali la mchana halipo saa sita kamili bali mnamo saa nane, kwa kuwa ardhi huchukua muda kupata moto. Ndivyo ilivyo huko pia. Mvuke hutoka kwa wingi zaidi upande ambao adhuhuri yake imekwisha pita, kwa hiyo msukumo hauelekei nyuma ya jua moja kwa moja, bali huenda mshazari. Kama donge linajizungusha kwa upande mmoja, msukumo huo huliongeza mwendo, njia yake hurefuka, nalo huchelewa kurudi. Likijizungusha kwa upande wa pili, msukumo hulipunguzia mwendo, nalo huwahi. Kwa wazo moja tu Whipple aliwaeleza Encke na Halley wote wawili.

Ilibidi kungoja miaka 36 ili kiini chenyewe kionekane. Mwezi wa Machi 1986, nyota ya Halley iliporudi, chombo kiitwacho Giotto, kilichorushwa na nchi za Ulaya, kilipita kiasi cha kilomita 600 tu kutoka katika kiini chake na kupiga picha. Kweli lilikuwa donge moja, lenye urefu wa kilomita 15 na upana wa kilomita 8 hivi, umbo lake kama kiazi. Lililowashangaza watu ni rangi yake. Lilikuwa jeusi kuliko makaa, kwa maana barafu imejificha chini ya ganda la vumbi, na mvuke ulikuwa ukitoka kwa mifumko katika sehemu chache tu za upande ulioelekea jua.

Sasa tuufuate mkia tangu mwanzo wake. Donge likiwa mbali na jua ni baridi kabisa, halina mkia wala kichwa, na hata darubini kubwa huliona kwa shida. Linapokaribia, likiwa katika umbali wa mara tatu hivi ya ule ulio kati ya dunia na jua, barafu ya maji huanza kutoka kwa wingi. Haiyeyuki kuwa maji. Mahali pasipo na hewa ya kukandamiza, barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Yeyote aliyeweka vidonge vyeupe vya kuzuia nondo ndani ya sanduku la nguo amekwisha kuona jambo linalofanana na hilo: vidonge hupungua siku hata siku mpaka vikatoweka, na nguo hazilowi.

Mvuke huo unapotoka huchukua vumbi pamoja nao. Mvutano wa donge ni hafifu mno. Mwaka 2014 chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta kilifika katika nyota ndogo yenye kiini cha upana wa kilomita 4 hivi, na huko mtu mwenye kuruka kwa nguvu angeondoka asirudi tena chini. Basi mvuke na vumbi hazizuiliwi na kitu. Hutawanyika pande zote na kufanya wingu kulizunguka donge, wingu ambalo laweza kuwa pana kuliko dunia yetu mara kumi na zaidi. Hicho ndicho kichwa cha nyota yenye mkia. Kila safari ya kulizunguka jua humnyang'anya mwenyewe tabaka la ngozi yake, kiasi cha mita moja au zaidi, kwa hiyo nyota yenye mkia haiwezi kuishi karibu na jua milele. Maneno hayo yawekwe akibani, maana Oort aliyatumia baadaye.

Kutoka katika kichwa hicho huota mkia, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Wao hudhani kwamba mkia hufuata nyuma, kama moshi wa gari la moshi la zamani lililokuwa likikimbia. Sivyo. Mkia huelekea mbali na jua daima. Nyota inapolijia jua mkia uko nyuma yake, lakini ikiisha kulizunguka na kuanza kwenda zake, mkia hutangulia mbele. Nyota ile iliyoonekana Nairobi ilikuwa imekwisha kuligeuka jua, kwa hiyo ilikuwa ikisafiri mkia mbele. Kama mfano wa gari la moshi unatakiwa, basi na afikiriwe dereva ambaye upepo mkali umemtoka nyuma ukapeleka moshi wake mbele ya kichwa cha gari. Kwa ajili hiyo pia mkia ukionekana jioni upande wa magharibi, au alfajiri upande wa mashariki, huelekea juu, maana jua liko chini ya upeo.

Basi upepo huo ni nini? Ukitazama kwa uangalifu picha nzuri ya nyota kubwa, kama ile ya Hale na Bopp iliyoonekana mwaka 1997, utaona kwamba mikia ni miwili. Mmoja ni mpana, umepinda kama upanga wa Kiarabu, na rangi yake ni ya manjano iliyofifia. Huo ni wa vumbi. Kinachousukuma ni nuru ya jua yenyewe, kwa kuwa nuru ina msukumo, ijapokuwa ni mdogo hata mtu hawezi kuuhisi. Mama anapopepeta mahindi, kumvi huchukuliwa mbali na punje huanguka karibu. Vivyo hivyo nuru huchukua mbali vumbi laini kama moshi, na chembe nzito hubaki nyuma karibu na njia ya nyota. Ndiyo sababu mkia huo hupanuka na kupinda.

Mkia wa pili ni mwembamba, umenyooka, na rangi yake ni ya buluu. Huo ni wa gesi, na ndio uliomsumbua Biermann. Aliona katika picha kwamba mafundo ya gesi katika mkia huo hukimbia kwa kasi ambayo nuru peke yake haiwezi kuileta. Mwaka 1951 alisema kwamba hapana budi jua linatoa kitu kingine zaidi ya nuru, yaani chembe ndogo ndogo zenye umeme, ambazo hutoka kwa mfululizo pande zote, mchana na usiku, miaka yote. Kulikuwa na waliotilia shaka. Lakini mwaka 1962 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2, kilipokuwa njiani kwenda Zuhura, kilizipima chembe hizo, nazo zikawa zinakwenda mamia ya kilomita kwa kila sekunde. Siku hizi huitwa upepo wa jua. Nuru kali ya jua huzivunja gesi za kichwa na kuzipa umeme, na zikiisha kuwa na umeme upepo huo huzikokota moja kwa moja, bila kupinda. Si kitu kidogo kwamba upepo huo ulitambuliwa kwa kutazama mikia, kabla chombo chochote hakijafika huko, kama vile mtu aliye ndani ya nyumba anavyojua upepo kwa kutazama migomba nje.

Tena mkia hauwaki moto, ingawa watu husema unawaka. Vumbi hurudisha tu nuru ya jua, kama vumbi la barabarani linavyong'aa jioni. Gesi hufanya tofauti: huinywa nuru ya jua na kuitoa tena kwa rangi yake yenyewe, buluu katika mkia na mara nyingi kijani katika kichwa. Hivyo mkia ukiondolewa jua huzimika. Tena ni mwembamba mno, hata nyota zilizo nyuma yake huonekana. Mwezi wa Mei 1910, ilipotangazwa kwamba dunia huenda ikapita katika mkia wa nyota ya Halley, na kwamba gesi yenye sumu ilikuwa imetambuliwa humo, watu wengi wa Ulaya na Marekani waliingiwa na hofu, na wenye hila wakawauzia vidonge vya kujikinga. Dunia iliendelea na njia yake na hakuna aliyedhurika. Gesi ya sumu ilikuwamo kweli, lakini kwa uchache usioweza kumdhuru hata sisimizi.

Limebaki swali la Oort. Kama kila safari hupunguza donge, na kama dunia na jua zina umri wa miaka zaidi ya bilioni nne na nusu, kwa nini nyota hizi hazijakwisha zote? Ni lazima iwepo ghala inayoleta nyingine mpya. Ili kuitafuta, Oort alichukua nyota 19 ambazo njia zake zilikuwa zimepimwa vizuri. Kazi ilikuwa na hila yake. Njia inayopimwa nyota ikiwa karibu nasi si ile iliyokuja nayo, kwa sababu Mshtarii na Zohali, zile sayari kubwa, zimekwisha kuivuta huku na huku. Basi hesabu ilitakiwa kurudishwa nyuma mpaka kabla nyota haijaingia kati ya sayari. Hesabu hizo zilipofanywa, nyingi katika zile 19 zilionekana zimetoka karibu mahali pamoja pa mbali mno, makumi ya maelfu ya mara ya umbali ulio kati ya dunia na jua. Tena zilitoka pande zote za mbingu, si katika uwanda mmoja kama sayari.

Umbali huo haushikiki akilini, kwa hiyo na tuupime kwa miguu. Jua liwe katikati ya Nairobi, na umbali wa dunia kutoka katika jua uwe hatua moja ndefu, ya mita moja. Mshtarii utakuwa hatua tano, na Neptuni, sayari ya mwisho, hatua 30. Halafu mtu atembee mpaka Thika, kiasi cha hatua 40,000, ndipo atakapokuwa ndani ya ghala ya Oort. Nyota iliyo karibu nasi kupita zote baada ya jua itakuwa Kisumu, kwa mstari ulionyooka. Donge linalotoka Thika kuja Nairobi na kurudi hutumia karibu miaka milioni tatu.

Madonge hayo hayakuzaliwa huko Thika. Yalifanyika pamoja na sayari kubwa, karibu na jua zaidi, na sayari hizo zikayatupa nje kwa mvutano wake. Huko mbali jua halina nguvu sana juu yake, na mvutano wa nyota zinazopita na wa kundi zima la nyota zetu hutosha kulisukuma moja moja lianguke ndani. Hakuna aliyeiona ghala hiyo kwa macho, kwani madonge ni madogo na giza ni kubwa. Inajulikana kwa hao wageni wanaotoka huko.

Na mgeni wa mara ya kwanza ana tabia yake, nayo imewahi kuwaaibisha watabiri. Mwezi wa Machi 1973 Bwana Luboš Kohoutek aliigundua nyota moja huko Ujerumani, ikiwa bado mbali sana, nayo iling'aa kuliko ilivyotazamiwa kwa umbali huo. Magazeti yakaiita nyota kuu ya karne. Mwisho wa Desemba ilipolizunguka jua ilikuwa hafifu kuliko ilivyotangazwa, na watu wengi walitoka nje wasione kitu. Sababu inayotolewa ni hii: donge ambalo halijapata kufika karibu na jua lina juu yake gesi zilizoganda zinazofumka upesi hata kwa joto kidogo, kama ile hewa ya sumu itokayo katika jiko la makaa. Hizo hutoka mapema, zikaifanya nyota ing'ae ingali mbali. Zikiisha, barafu ya maji peke yake haiwezi kuendeleza kiasi kile.

Nyota za safari fupi, kama ile ya Encke, zina ghala nyingine iliyo karibu zaidi, yaani mkanda wa madonge ya barafu nje kidogo ya Neptuni, kati ya hatua 30 na 50 katika kipimo chetu. Mkanda huo ulikisiwa tu mpaka mwaka 1992, Bwana David Jewitt na Bibi Jane Luu walipoona huko Hawaii kitu cha kwanza cha mkanda huo baada ya Pluto na mwezi wake. Tangu hapo vimeonekana vingi.

Ile nyota ya mwaka 1948 ni ya safari ndefu, na haitarudi ila baada ya maelfu mengi ya miaka. Mkia wake umekwisha tawanyika, mvuke umeganda, na donge jeusi linakwenda polepole likizidi kupunguza mwendo. Tangu asubuhi ile ya kupatwa kwa jua, katika njia ya Thika, limepiga kiasi cha hatua mia moja.